Moduli imeingia, linki haipandi: SFP ya gigabiti 1 ndani ya poti ya gigabiti 10

Swichi nyingi zinazonunuliwa siku hizi kwa vyuo, hoteli na ofisi za kati zina poti ishirini na nne za waya wa kawaida, na pembeni yake matundu mawili ya mstatili yaliyoandikwa SFP+. Matundu hayo ni ya faiba, na kila moja lina uwezo wa gigabiti 10 kwa sekunde. Shida huanzia upande wa pili wa faiba, ambako mara nyingi pamekaa kifaa cha miaka ya nyuma kisichojua kitu zaidi ya gigabiti 1. Inaweza kuwa swichi ya jengo la jirani au kisanduku cha kampuni ya intaneti. Fundi hana bajeti ya kubadilisha ncha zote mbili, kwa hiyo ananunua moduli ya bei nafuu ya gigabiti 1, anaisukuma ndani ya tundu la gigabiti 10, anasikia inajifunga, anachomeka faiba. Kisha anasubiri taa ya kijani, na taa haiwaki.

Hapo ndipo siku nzima hupotea. Faiba inachomolewa na kufutwa, nyuzi mbili zinabadilishwa nafasi, moduli inarudishwa dukani kwa madai kuwa ni mbovu, na wakati mwingine mtu huitwa kuja kuunga faiba upya kwa gharama kubwa. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Poti inasoma kwa kasi ya gigabiti 10 na moduli inaleta gigabiti 1, na hakuna aliyeiambia poti ishuke.

Inafaa kuelewa kwanza kwa nini tundu linaikubali moduli isiyo ya kasi yake. SFP ni umbo lililokubaliwa na watengenezaji mwanzoni mwa miaka ya 2000: kijisanduku cha chuma chenye upana wa milimita 13.4, na nyuma yake ukingo wenye miguso 20 ya umeme. SFP+ ilipokuja mwaka 2006 kwa ajili ya gigabiti 10, waliotunga kanuni zake waliacha umbo vilevile na miguso 20 vilevile, makusudi, ili swichi mpya iweze kupokea moduli za zamani. Uamuzi huo umewaokolea watu fedha nyingi. Lakini maana yake pia ni kwamba kidole chako hakiwezi kukuambia lolote. Moduli itaingia na kujifunga vizuri kabisa hata kama poti haitafanya nayo kazi kamwe.

Jambo la pili ni kwamba moduli yenyewe haina akili ya mtandao. Ndani yake mna leza inayowaka na kuzimika kufuata umeme unaotoka kwenye swichi, kuna jicho linalogeuza mwanga unaoingia kuwa umeme, na kuna kumbukumbu ndogo iliyoandikwa jina la mtengenezaji, aina ya faiba, umbali na kasi. Haihesabu biti wala haijui pakiti ni nini. Kazi hiyo ni ya chipu iliyo ndani ya swichi. Kwa hiyo tunaposema poti ni ya gigabiti 10, tunaisema chipu: saa yake inapiga kwa kasi gani, na inategemea kukuta mpangilio gani wa mapigo ya mwanga.

Tofauti ya kasi hizo mbili ni kubwa kuliko majina yanavyoonyesha. Faiba ya gigabiti 1 hupitisha mapigo bilioni 1.25 kila sekunde, kwa sababu kila biti nane za data hufungwa na kusafirishwa kama biti kumi. Faiba ya gigabiti 10 hupitisha mapigo bilioni 10.3125, na huko biti 64 hufungwa kuwa 66. Pigo moja la gigabiti 1 hudumu sehemu 0.8 ya nanosekunde. Katika muda huohuo chipu ya gigabiti 10 hutazama zaidi ya mara nane, na kila inapotazama inatafuta mpangilio wake wa 66 ambao hautatokea kamwe. Mwanga unaingia wa kutosha, umeme unapita, lakini chipu haipati hata neno moja inalolitambua, na inaripoti kwamba hakuna linki.

Wengi wetu tulijifunza mitandao kwenye waya wa shaba, na ndiyo maana jambo hili linatushangaza. Ukichomeka waya wa RJ45 kati ya poti ya gigabiti 1 na poti ya megabiti 100, vifaa hutangaziana uwezo wao kwanza, kisha huchagua kasi kubwa ambayo wote wanaiweza. Mtumiaji hafanyi chochote. Faiba ya gigabiti 1 nayo ina kitu kinachoitwa majadiliano ya kiotomatiki, na kwenye skrini kinaonekana kwa jina lilelile, `auto-negotiation`. Lakini majadiliano ya faiba hayagusi kasi. Yanahusu iwapo pande zote zitasema na kusikia kwa wakati mmoja, iwapo upande mmoja unaweza kumwomba mwenzake apunguze mwendo, na iwapo kuna hitilafu ya kuripoti. Na yanafanyika kwa mapigo ya bilioni 1.25, yaani baada ya pande zote mbili kuwa tayari kwenye gigabiti 1. Poti iliyo kwenye gigabiti 10 haiwezi hata kuyasikia. Ndiyo sababu kasi ya faiba lazima ijulikane kabla: ama swichi isome kumbukumbu ya moduli na kujishusha yenyewe, ama mtu aiamuru.

Swichi nyingine hujishusha zenyewe. Kwenye kumbukumbu ya moduli kuna namba moja inayotaja kasi kwa vipimo vya megabiti 100. Kwenye moduli ya gigabiti 1 utakuta kama 13, na kwenye ya gigabiti 10 utakuta 103. Swichi inayosoma namba hiyo na kuitii haitakusumbua. Lakini nyingine huisoma kwa ajili ya kukuonyesha tu, na tabia hii inaweza kubadilika hata kwenye kifaa kilekile ukipandisha toleo la programu yake. Kwa hiyo usitegemee kwamba kwa kuwa swichi ya ofisi jirani ilipokea bila maneno, yako nayo itapokea.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Chuo kina majengo mawili yaliyotenganishwa na faiba ya singo modi yenye urefu wa mita 400. Jengo la utawala limepata swichi mpya, MikroTik CRS326-24G-2S+RM, aina ambayo utaikuta kwa watoa huduma wadogo wengi wa intaneti na kwenye ofisi nyingi. Matundu yake mawili ya SFP+ yanakubali gigabiti 10 na pia gigabiti 1. Jengo la maabara bado lina swichi ya Cisco Catalyst 2960-S yenye poti 48 na matundu manne ya SFP ya gigabiti 1. Upande wa Cisco kuna moduli ya GLC-LH-SMD. Upande wa MikroTik fundi amechomeka S-31DLC20D. Zote mbili ni za gigabiti 1, zote zinatumia mwanga wa nanomita 1310, zote ni za singo modi. Kuwa na majina ya watengenezaji wawili tofauti si kosa. Faiba haijali jina, inajali kasi, aina ya mwanga na aina ya uzi.

Fundi kijana anampigia simu aliyemfundisha kazi.

“Shikamoo, kaka. Nimechomeka kila kitu, taa haiwaki. Nadhani faiba imekatika njiani.”

“Marahaba. Usiseme imekatika kabla hujasoma mwanga. Fungua terminali uniambie poti inasema nini.”

Anaandika amri moja, na kwenye majibu marefu yanayotoka, mistari muhimu ni hii:

```
/interface ethernet monitor sfp-sfpplus1 once

              name: sfp-sfpplus1
            status: no-link
sfp-module-present: yes
       sfp-rx-loss: no
      sfp-tx-fault: no
    sfp-wavelength: 1310nm
      sfp-tx-power: -6.1dBm
      sfp-rx-power: -7.4dBm
```

Majibu haya yanatosha kumaliza ubishi. `sfp-module-present: yes` inasema swichi imeiona moduli na kusoma kumbukumbu yake. `sfp-tx-fault: no` inasema leza yetu ni nzima. Mstari wa mwisho ndio wenye uzito, kwa sababu unapima mwanga unaotoka kwa mwenzetu na kutufikia. Kipimo cha dBm huhesabiwa kutoka miliwati moja ambayo ndiyo sifuri: kila ukishuka kwa 10, nguvu inabaki sehemu ya kumi. Kanuni ya faiba hii ya gigabiti 1, inayoitwa 1000BASE-LX, inataka mwanga unaopokewa uwe kati ya -19 na -3. Tumepata -7.4. Ni mwanga mzuri kabisa. Ikiwa leza ya maabara inatoa karibu -6, basi njiani umepotea chini ya desibeli 2, na hilo ndilo unalotegemea kwa mita 400 za uzi pamoja na viungio vichache.

Kwa hiyo faiba haijakatika, nyuzi hazijabadilishana nafasi, na leza ya upande wa pili inawaka. Kama faiba ingekuwa imekatika au nyuzi zimegeuzwa, `sfp-rx-loss` ingesema `yes` na namba ya mwanga ingeporomoka hadi -30 au zaidi, au isingeonekana kabisa. Mwanga upo, linki haipo: mchanganyiko huo karibu kila mara unaelekeza kwenye kasi au kwenye majadiliano. Ningependa kila fundi auzoee kuliko anavyoizoea taa ya mbele, kwa sababu taa inakwambia tu kwamba kuna jambo, haikwambii ni lipi. Na ni usomaji salama. Mwanga wa nanomita 1310 hauonekani kwa macho, kwa hiyo kuchungulia kwenye ncha ya faiba hakukuonyeshi chochote na kunaweza kukuumiza.

Sasa amri yenyewe. Kwenye matoleo mapya ya RouterOS 7 inaandikwa hivi:

```
/interface ethernet set sfp-sfpplus1 \
  auto-negotiation=no speed=1G-baseX
```

Kwenye matoleo ya zamani jina la kasi lilikuwa jingine, na kusema na kusikia kwa pamoja kuliwekwa kwa neno lake:

```
/interface ethernet set sfp-sfpplus1 \
  auto-negotiation=no speed=1Gbps full-duplex=yes
```

Ukikosea toleo, programu itakataa neno lako papo hapo, hakuna kitakachoharibika. Angalia sehemu ya kwanza ya amri pia, maana ndiyo inayosahaulika. Watu huweka kasi wakaacha `auto-negotiation=yes`, na swichi inaendelea kufuata uamuzi wake wa kiotomatiki, huku kasi waliyoandika ikikaa bila kazi. Kasi uliyoamuru huanza kutumika pale tu majadiliano yanapozimwa.

Fundi wetu anaandika, na baada ya sekunde moja au mbili taa inawaka. Anarudia kusoma:

```
     status: link-ok
       rate: 1Gbps
full-duplex: yes
```

Anafurahi, anajaribu kuifikia swichi ya maabara, na hakuna jibu. Taa ya kijani inawaka mbele yake na hakuna hata pakiti moja inayorudi. Anakwenda kwa miguu hadi maabara, anaunganisha kompyuta kwenye swichi ya Cisco, anauliza hali ya poti, na inamjibu `notconnect`. Upande mmoja unasema linki iko juu, upande wa pili unasema haijaunganishwa, juu ya faiba ileile.

Hili ndilo jambo linalowachanganya watu kuliko yote, na sababu yake iko kwenye yale majadiliano. Cisco haijabadilishwa chochote, kwa hiyo bado inafuata desturi yake: inatuma ujumbe wa majadiliano na kungoja ujumbe kama huo urudi. MikroTik sasa imezimwa majadiliano. Inaona mapigo ya bilioni 1.25 yenye mpangilio sahihi, inaridhika, inatangaza linki. Lakini yenyewe haitumi ujumbe wa majadiliano. Inatuma mapigo ya kawaida ya linki iliyo tayari. Cisco inayaona mapigo hayo, inayaelewa, ila haioni jibu inalolingoja, na kwa hiyo haipandishi linki. Kila upande unafuata sheria yake kwa uaminifu. Kanuni inayotoka hapo ni moja: majadiliano yawe yamewashwa pande zote mbili au yamezimwa pande zote mbili. Nusu kwa nusu huzaa linki ya upande mmoja.

Kwenye Catalyst, majadiliano ya poti ya faiba huzimwa hivi:

```
interface GigabitEthernet1/0/49
 speed nonegotiate
```

Hakuna haja ya kutaja kasi, kwani tundu hilo ni la gigabiti 1 na haliwezi kwenda juu zaidi. Mara amri inapoingia, poti inabadilika kutoka `notconnect` kuwa `connected`, na mawasiliano yanapita. Bado kuna hatua moja. RouterOS huhifadhi mabadiliko pale pale unapobonyeza enta, lakini Cisco hukaa nayo kwenye kumbukumbu ya muda mpaka uiamuru iyaandike kwa `write memory`. Ukisahau, umeme ukikatika usiku swichi itaamka ikiwa na majadiliano yake ya zamani, na asubuhi utakuta taa inawaka utawala na maabara nzima haina mtandao.

Mpangilio wa kazi nao una uzito wake. Mfano wetu ulianza linki ikiwa chini, kwa hiyo hapakuwa na la kupoteza na ilibidi kutembea. Lakini ukiwa unafanya mabadiliko haya kwenye linki inayofanya kazi, na unaifikia swichi ya mbali kupitia faiba hiyohiyo, badilisha upande wa mbali kwanza. Utapoteza mawasiliano mara moja, kisha utabadilisha upande ulioko nao na yatarudi. Ukianza na wa karibu, umejifungia nje, na kama jengo la pili liko kilometa nane kutoka hapo, utakodi bodaboda.

Kuzima majadiliano kuna gharama ambayo wachache huitaja. Faiba ya kawaida ni nyuzi mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Panya au mchimba mtaro anaweza kukata mmoja na kuuacha mwingine. Majadiliano yakiwa yamewashwa, upande uliopoteza mwanga unaacha kujibu kama inavyotakiwa, na mwenzake naye anashusha linki. Wote wawili wanajua kuna tatizo. Yakiwa yamezimwa, upande unaoendelea kupokea mwanga unabaki na taa ya kijani na kuendelea kurusha data kwenye uzi uliokatika. Penye njia moja tu kati ya majengo, madhara yake ni kukuchelewesha kugundua. Penye njia mbili ni hatari zaidi: swichi inayodhani njia ya kwanza ni nzima haitahamia ya pili, na ile inayozuia mzunguko kwa kusikiliza ujumbe wa mwenzake inaweza kuacha kuusikia na kufungua njia iliyopaswa kubaki imefungwa. Ikiwa una njia mbili, zifunge pamoja kwa LACP, ambayo hutuma ujumbe wake na kungoja majibu bila kutegemea taa. Na kama swichi yako inaweza kushuka gigabiti 1 huku majadiliano yakibaki yamewashwa, nashauri uyaache pande zote mbili. Kuyazima ni kwa pale kifaa kinapokulazimisha.

Si kila poti ya gigabiti 10 itashuka hata ukiiamuru. Chipu lazima iwe imejengwa kuweza kasi zote mbili, na hilo liko kwenye karatasi ya sifa za kifaa. Mfano mzuri ni swichi za Cisco Nexus 5000 za zamani, ambazo bado unazikuta zikiuzwa kama mitumba. Poti zake zote huanza kwa gigabiti 10. Kwenye Nexus 5010 ni poti nane za kwanza tu zinazoweza kushuka hadi gigabiti 1, na kwenye Nexus 5020 ni kumi na sita za kwanza. Ukiweka moduli ya gigabiti 1 bila kuamuru kasi, swichi hiyo haikai kimya kama yetu ya mfano. Inaandika `SFP validation failed`, maneno yanayomfanya mtu aamini kwamba amenunua moduli bandia. Kumbe dawa ni mistari miwili:

```
interface ethernet 1/3
  speed 1000
```

Ukiiweka amri hiyohiyo kwenye poti ya ishirini ya 5010, haitasaidia, na hapo jibu ni kuhamisha moduli kwenda kwenye zile nane za kwanza. Kwenye baadhi ya swichi mpya za gigabiti 25 kuna kikwazo kingine: poti hupangwa kwa makundi ya nne nne yanayotumia saa moja, kwa hiyo ukishusha moja unaweza kuzilazimisha tatu za jirani zifuate. Soma kwanza, hasa kama jirani hao wanabeba seva za watu.

Ujumbe wa moduli isiyotambuliwa ni ugonjwa mwingine, usichanganywe na huu. Baadhi ya watengenezaji husoma jina lililo kwenye kumbukumbu ya moduli na kuikataa ikiwa si ya kwao. Hapo poti hufungwa kabisa na kuandika kwamba moduli haiungwi mkono, na kubadilisha kasi hakutasaidia kitu. Dawa yake ni moduli iliyoandikwa kwa ajili ya chapa hiyo, na wauzaji wengi wanaweza kukuandikia ukiwataja mapema.

Kuna kosa moja la ununuzi linalofanana sana na shida yetu mpaka namba za mwanga zenyewe zinadanganya. Moduli ya gigabiti 10 ya masafa ya kilometa 10, inayoitwa 10GBASE-LR, nayo hutumia mwanga wa nanomita 1310 kwenye singo modi. Ukiweka hiyo utawala na ile ya gigabiti 1 maabara, kila upande utaona mwanga mzuri wa mwenzake, na linki haitapanda. Ukiamuru swichi ishuke gigabiti 1 huku ikiwa na moduli ya gigabiti 10, huenda ikapanda na huenda isipande, maana umeitoa moduli nje ya kazi iliyotengenezewa. Usijenge mtandao wa chuo juu ya bahati hiyo. Zipo moduli zilizotengenezwa rasmi kwa kasi mbili, na karatasi zake hutaja gigabiti 1 na 10 kwa pamoja. Hizo zinafaa ikiwa unajua maabara itapata swichi mpya mwakani. Kinyume chake hakina njia: moduli ya gigabiti 1 haiwezi kupandishwa kuwa ya gigabiti 10 kwa amri yoyote, kwani leza na jicho lake havikujengwa kwa mapigo ya kasi hiyo. Na moduli ya gigabiti 10 isiyo ya kasi mbili usitegemee ifanye kazi kwenye tundu la SFP la zamani.

Aina ya mwanga nayo iangaliwe kabla ya kugusa kasi. Moduli ya SX hutumia nanomita 850 na faiba ya malti modi, LX hutumia 1310 na mara nyingi singo modi. Moja kila upande haitafanya kazi, ila hapo utaligundua mapema zaidi, kwa sababu namba ya mwanga unaopokewa kwa kawaida itakuwa mbaya au mstari wa `sfp-wavelength` wa pande mbili hautafanana. Kwenye moduli za uzi mmoja ni kinyume: lazima zitofautiane, moja itume 1310 na kupokea 1550, nyingine ifanye kinyume chake, na ukinunua mbili zinazofanana hazitaonana.

Siku chuo kikipata fedha na maabara ikawekewa swichi ya gigabiti 10, mabadiliko yetu ya leo yatakuwa mtego. Atakayekuja ataweka moduli mpya pande zote mbili, atasoma mwanga mzuri, na linki haitapanda, kwa kuwa poti ya utawala bado imeamriwa kukaa gigabiti 1. Ndiyo maana inafaa kuandika maelezo kwenye poti yenyewe siku ileile unapoibadilisha:

```
/interface ethernet set sfp-sfpplus1 \
  comment="1G kwa lazima, Cisco maabara nonegotiate"
```

Maelezo hayo huonekana kila mtu anapoorodhesha poti. Atakayeyasoma ataweka moduli mpya, kisha atairudisha poti ilivyokuwa:

```
/interface ethernet set sfp-sfpplus1 \
  auto-negotiation=yes comment=""
```

Akisoma tena, mstari wa `rate` uwe umeandika `10Gbps`. Ukibaki kwenye `1Gbps`, linki bado inatembea kwa gigabiti 1 pande zote mbili, na huenda kuna moduli ya zamani ambayo haijatolewa.